Hodi za Jioni

Walimwita Jicho, naye hakuwahi kulikataa jina, maana sifa ya bure hairudishwi dukani. Kazi yake ilikuwa kutazama. Wapo wanaolipwa kwa kubeba, wapo wanaolipwa kwa kusema, na wapo wanaolipwa kwa kunyamaza bosi anaposema. Jicho alilipwa kwa kukaa kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, akatazama bei ya fedha za kigeni ikipanda na kushuka kwenye skrini, kisha mara chache kwa wiki akatamka neno moja: "Hodi."

Usicheke. Neno hilo ndilo lililomsomeshea binti na kuezeka nyumba.

Bei, ukiitazama sana, ina tabia za watu. Inapanda mpaka kimo fulani, inagonga kichwa, inarudi. Inajaribu tena, inagonga, inarudi. Hapo pamekuwa dari. Halafu siku moja inajikaza, inatoboa na kupita juu. Matreda, yaani wanunuzi na wauzaji wa fedha hizo, wakiwa na papara huikimbilia palepale, na wengi huporomoka nayo wakibaki kushika viuno. Jicho hakukimbia. Alisubiri bei ishuke taratibu mpaka kwenye ileile dari iliyotobolewa, ambayo sasa imegeuka sakafu. Iguse tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyohama, ione hapana nafasi, ipande zake. Mguso huo ndio aliouita hodi. Akiuona ananunua. Akikosea anatoka mapema na kidonda kidogo, akipatia anakaa mpaka ashibe.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi bila kualikwa. Madawati matatu, feni moja, dirisha linalotazama ukuta. Dawati la pili lilikuwa la treda mwenzake aliyeitwa Redio, kwa sababu alizimwa tu na usingizi, na hata huo watu waliutilia shaka.

Mke wa Jicho alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baada ya ugonjwa mrefu wa kulala wodini. Msibani hakulia. Watu wakasifu: mwanaume huyo, jasiri, kifua cha chuma. Jasiri gani! Ilikuwa ganzi. Unajua mguu ukiukalia vibaya, ukausimamia, ukaukuta si wako? Sasa chukua mguu huo uufanye mtu mzima mwenye funguo na kitambulisho. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, usiku mmoja alisahau chumvi kwenye mboga. Akaonja, akakunja uso, akamtazama baba yake aliyekuwa anasafisha sahani kwa kidole.

"Baba, haina chumvi."

"Eh? Nzuri tu."

Binti akaiondoa sahani. Mtu akisifia mboga isiyo na chumvi, utamwambia nini?

Kazini ganzi haikuonekana. Hodi alizisema, nyingine zikamlipa, nyingine zikamnyima, na yote aliyapokea kwa uso uleule wa mtu anayesubiri risiti. Kila siku ikifika saa kumi alivaa koti, akasema "haya jamani," akashuka. Wote walidhani anawahi nyumbani.

Mambo yalianzia kwa Bosi. Bosi alikuwa mama aliyewahi kuuza vifaa vya ujenzi kabla ya kuingia kwenye biashara ya fedha, na bado alikagua kila kitu kana kwamba ni saruji: alitaka kujua iko kilo ngapi na imekaa stoo muda gani.

"Jicho," alisema asubuhi moja amesimama mlangoni, "wewe ukiugua kesho, hodi inaugua na wewe. Mimi siuzi wala sinunui mfuko nisioweza kuufungua nikaona ndani. Nataka hodi iandikwe kwenye kompyuta. Kanuni. Mtu yeyote akiisoma apate jibu lilelile."

"Hodi haiandikiki, Bosi. Inaonekana."

"Kama inaonekana, inaandikika. Kama haiandikiki, basi unabahatisha, na mimi nimekuwa nalipa mganga." Akainua vidole. "Mwisho wa robo hii ya mwaka. Tutachukua chati ambazo hujaziona wala programu haijaziona. Jicho lako na kompyuta vikubaliane tisa katika kumi. Visipokubaliana, dawati hili nalitoa. Sikufichi, nakuheshimu."

Redio alifunga mdomo. Tukio hilo peke yake lingestahili kuwekwa kwenye kalenda.

Jicho alilisikia neno hilo kama tangazo la mvua la mji mwingine. Lakini jioni, akishuka ngazi na koti lake, likamjia wazo kavu lisilo na uchungu: mke hayupo, binti ni mtu mzima, chumvi haionji. Wakilitoa na jicho, kitabaki nini cha kuitwa? Alisimama kidogo kwenye harufu ya matairi akingoja wazo hilo limuume. Halikumuuma. Akaendelea kushuka.

Wa kuiandika programu alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtaalamu wa kompyuta wa ofisi hiyo. Mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, miwani kichwani, ulimi haulali njaa. Yeye na Jicho walikuwa watani wa miaka mingi, na hata msiba haukuuvunja utani, uliupunguza tu sauti. Alivuta kiti, akafungua ukurasa mweupe.

"Haya shemeji. Hodi ni nini?"

"Bei ikirudi kugusa dari iliyotobolewa."

"Dari ipi?"

"Ile inayoonekana."

"Inayoonekana na nani? Kompyuta haina macho. Ina ukaidi tu, kama nyinyi wa ukoo wenu."

"Dari ni pale bei ilipofika juu ikarudi."

"Bei inarudi kila dakika. Ikirudi kiasi gani?"

Jicho akakuna kidevu. Alikuwa amekitazama kitu hicho zaidi ya miaka kumi na hakuna aliyewahi kumwuliza kiasi gani. Ni kama kumwuliza mtu anamtambuaje mama yake: umpe sentimita?

Wakaenda polepole. Chati yao ilichora kila saa moja kama mshumaa: mwili mnene kati ya bei ya kuanzia na ya kufungia, na utambi mwembamba juu na chini kuonyesha bei ilikofika ikakataliwa. Wakakubaliana kwamba dari ni kilele cha mshumaa uliozidi mitatu ya kushoto kwake na mitatu ya kulia.

"Subiri," alisema Shemeji. "Mitatu ya kulia haijazaliwa wakati kilele kinatokea. Kwa hiyo kompyuta itajua hii ni dari baada ya mishumaa mitatu kufunga, si kabla. Tukisahau hapo, tutakuwa na programu inayoota kesho, halafu Bosi ataniuliza kwa nini sijajenga ghorofa."

"Halafu inatoboa kwa nguvu," alisema Jicho.

"Nguvu ya kuvunja mlango au ya kufungua soda?"

"Ya... ya mtu mwenye haraka."

"Shemeji, nitaandika 'mtu mwenye haraka' kwenye mashine ikatae kuwaka. Nionyeshe."

Akamwonyesha zenye nguvu na zisizo nazo, moja baada ya nyingine, mpaka Shemeji akaona alichokuwa anapima bila kujua: mwili wa mshumaa unaotoboa haukuwa mfupi kuliko wastani wa urefu wa mishumaa kumi na minne iliyoutangulia. Siku za soko tulivu nguvu ilikuwa ndogo, siku za vurugu ilikuwa kubwa, lakini ukilinganisha na majirani zake ilikuwa ileile. Shemeji aliandika, na pembeni ya kanuni akaweka sentensi moja ya sababu. Huo ulikuwa utaratibu wake, na hakuulegeza: kanuni isiyo na sababu haiingii. "Ili siku nikikusahau," alisema, "nijue ulikuwa unafikiri nini."

Ndivyo walivyoandika kurudi kwa bei: isichelewe mno, ifike karibu na dari kwa robo ya ule wastani, isifunge chini yake kupita robo hiyo. Na mguso wenyewe: mshumaa wenye utambi mrefu wa chini, uliofungia sehemu yake ya juu. Na hodi ihesabiwe mshumaa ukishafunga, si ukiwa bado unatapatapa.

Sasa walinganishe. Shemeji akampa chati za miezi ya nyuma, azitie alama. Jicho akazitia kama anayechambua mchele, haraka, bila shida. Shemeji akazitazama, akashusha miwani machoni.

"Shemeji, hodi zote hizi bei ilipanda baadaye?"

"Hodi nzuri hupanda."

"Zote? Hata moja haikukuangusha? Wewe si ndiye uliyekuwa unatoka hapa umenuna kama umeuziwa gunzi?"

Jicho akatazama alama zake. Ni kweli. Hakukuwa na hata moja mbovu, na maishani zilikuwepo tele. Macho yake yalikuwa yamechungulia upande wa kulia wa chati, kule kwenye majibu, kisha yakarudi kushoto na kujifanya hayajui kitu. Hakudanganya kwa makusudi. Jicho ni jicho, ukiliwekea chakula mbele haliwezi kusema halijakiona.

"Nimejiibia mtihani," alisema, bila aibu wala kicheko.

"Umejiibia. Ukoo wenu huo."

Shemeji akatengeneza kitu kingine. Chati ikawa inafunguka mshumaa mmoja mmoja, upande wa kulia mweusi tii. Ukibonyeza kitufe unaletewa mshumaa unaofuata, ukiona hodi unatia alama, na kurudi nyuma hakuna. Chati nyingine alizirudia kwa siri siku tofauti, kuona kama Jicho anakubaliana na Jicho. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hata yeye mwenyewe hakujikubali kila mara. Kwenye chati chache alisema ndiyo Jumatatu na hapana Alhamisi.

"Usijali," alisema Shemeji. "Programu haiwezi kukufuata zaidi ya unavyojifuata mwenyewe. Ni vizuri kujua kimo cha dari yetu."

Mara ya kwanza walipolinganisha, ilikuwa aibu ya hadharani. Programu ilipiga hodi mahali ambapo Jicho asingesimama hata kufunga kamba ya kiatu. Walizipitia moja moja, za aina mbili: alizoziona yeye programu ikapita, na ilizoziona programu yeye akapita. Nyingine zilikuwa upuuzi wa kuandika. Kwa mfano walikuwa wamesema utambi uwe mara mbili ya mwili. Sasa saa za usiku soko likiwa limelala, ilitokea mishumaa isiyo na mwili kabisa, imeanzia na kufungia palepale. Mara mbili ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo hata utambi wa unywele ulifaulu.

"Inamsalimia kila mpita njia," alisema Jicho.

Wakaupima utambi kwa urefu mzima wa mshumaa, uwe nusu au zaidi, na kelele zile zikakatika.

Kila walichorekebisha walikijaribu kwenye chati zilezile za mazoezi. Zile za mtihani wa Bosi zilifungiwa na Bosi mwenyewe, na Redio alipoomba achungulie kidogo tu, kwa nia njema, alijibiwa kwamba nia njema ndiyo iliyojaza mahabusu.

Makubaliano yakapanda. Halafu yakakwama, chini ya tisa katika kumi, na hayakutikisika. Zilizobaki zilikuwa karibu zote za aina moja: programu inasema hodi, Jicho anasema hapana.

"Hii ina nini?" aliuliza Shemeji. "Dari ipo, imetobolewa, imerudi, imegusa, utambi huu hapa kama mkia wa panya. Kwa nini hapana?"

"Haina uhai."

"Uhai ni nini kwa namba?"

"Itazame. Imekufa tu."

Shemeji akajaribu kuutafuta uhai. Alipima urefu wa mishumaa, mwendo wa kurudi, mwelekeo wa siku nzima, siku ya wiki. Hakuna kilichozitenga. Siku zikaenda. Jicho aliona kalenda ikimsogelea na hakujisikia chochote, isipokuwa kwamba kila saa kumi alivaa koti.

Asubuhi moja Shemeji alikuja kimya, na kwake ukimya ni habari. Alimpa chati za kutia alama kama kawaida, zimechanganywa, ila safari hii mstari wa chini wenye saa na tarehe haukuwepo.

"Saa zimekwenda wapi?"

"Nimezificha. Fanya kazi."

Alifanya. Mshumaa, mshumaa, mshumaa, hodi. Mshumaa, hodi. Alipomaliza, Shemeji alichukua dakika chache kwenye mashine yake, kisha akageuza skrini. Kushoto, chati zilizokataliwa wiki iliyopita, zile zisizo na uhai. Kulia, chati zilezile bila saa. Jicho alikuwa ameziona hodi karibu zote.

"Ni zilezile?" aliuliza.

"Mshumaa kwa mshumaa."

"Labda jioni soko huwa tofauti," alisema Redio, maana hakuna aliyemwuliza. "Mimi nimesikia jioni soko huchoka."

Hapo Jicho akageuka. "Nani amesema jioni?"

Redio akamtazama Shemeji. Shemeji akavuta pumzi. "Zote ulizozikataa ni za saa kumi hadi saa kumi na mbili. Nimezipanga kwa saa usiku wa jana. Asubuhi na mchana mnakubaliana wewe na programu kama mapacha. Ikifika saa kumi, unaziita maiti. Nikakuficha saa, zikafufuka."

"Kumbe ndivyo!" Redio akapiga paja. "Lakini zamani si ulikuwa unazipenda za jioni? Ile hodi iliyotununulia soda jengo zima, mpaka mafundi wa matairi, ilikuwa jioni. Nakumbuka taa za barabarani zilikuwa zimewaka."

Jicho alikumbuka. Alikumbuka pia alivyompigia mkewe simu siku hiyo, wakati mkewe bado ni mzima, akamwambia asipike. Kumbukumbu ilikuja safi, yenye rangi zake zote, ikasimama mbele yake kama picha ya tangazo. Akaitazama. Hakuna kilichosogea ndani.

"Sasa mbona kazi imekwisha?" Redio aliendelea, redio imepata betri. "Andika tu: kuanzia saa kumi hadi kumi na mbili, hakuna hodi. Programu na Jicho wanakubaliana, Bosi anafurahi, dawati linabaki. Mechi imekwisha hiyo!"

Na kweli ilikuwa imekwisha. Mstari mmoja. Kompyuta isingelalamika, haijui jioni wala asubuhi, ukiiambia usifungue mlango haifungui.

"Andika," alisema Jicho.

Shemeji aliweka vidole kwenye kibodi. Akaandika kanuni. Kisha mshale ukasimama pembeni, pale pa sababu, ukipepesa.

"Sababu?"

"Si ni jioni. Soko limechoka."

"Limechoka? Nimelipima. Jioni mishumaa ni mirefu kuliko ya mchana, haijachoka hata kidogo. Nipe sababu nyingine."

"Bei jioni..." alisema Jicho, akaishia hapo. Akajaribu tena. "Saa hizo..."

Feni ilizunguka. Chini, fundi alikuwa anagonga rimu ya gari, kwa utulivu, kama mtu asiye na deni na mtu.

"Saa hizo nilikuwa na dada yako," alisema.

Shemeji hakumtazama. Alijua saa ya kuona wagonjwa. Wakati wa ugonjwa walikuwa wamegawana: asubuhi yeye na uji, jioni Jicho. Miezi mingi Jicho aliondoka dawatini kabla ya saa kumi, na ili aweze kuondoka, ilibidi jicho lijifunze kwamba saa kumi hakuna cha kutazama. Lilijifunza vizuri, jicho lake ni jicho la akili. Mke alikwenda, wodi ikapata mgonjwa mwingine, na jicho halikuambiwa.

"Na sasa hivi unakwenda wapi?" aliuliza Shemeji taratibu. "Kila siku, na hilo koti."

"Nakaa kwenye benchi. Pale getini."

"Kwenye geti la hospitali?"

"Mlinzi ananijua. Kengele ya kutoka ikilia, naenda nyumbani."



Jicho alikuwa amelisema kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya nyumba. Alisubiri, kama alivyosubiri kwenye ngazi, limuume. Kilichokuja kilikuwa kidogo sana, kama sindano za kwanza kwenye mguu uliolala, na hakikufika mbali.

Shemeji akavua miwani, akaifuta na ncha ya blauzi, akairudisha. "Shemeji, nitakuandikia chochote ukitaka. Lakini dada yangu si kanuni ya chati."

Mshale ulipepesa.

"Ukiiacha kanuni hii," aliendelea, "tutafaulu mtihani. Ila tutakuwa tumemwandikia Bosi ratiba ya wodi, na siku atakayoiuliza mashine kwa nini, itamwonyesha mahali patupu. Na usiniambie nipime kwanza kama hodi za jioni zinalipa ndipo uamue. Hapo tutachagua kinachotupendezesha. Amua hodi ni nini. Kulipa kutajulikana mbele, kwenye siku ambazo hazijafika."

"Nikiifuta tutafeli?"

"Mtihani ukifanywa saa zikiwa zimefichwa, sijui. Saa zikionekana, utazikataa tena, utake usitake. Nitamwomba Bosi zifichwe. Akikataa, dawati limekwenda."

Jicho akatazama mkono wake. Ulikuwa mkono tu. Akaupeleka kwenye kibodi ya shemeji yake, akabonyeza mpaka mstari wote ukaliwa, herufi kwa herufi.

"Ona anavyobonyeza," alinong'ona Redio, "utadhani anaua kunguni."

Bosi alisikiliza maelezo amesimama, mikono kiunoni. Aliuliza swali moja la saruji: "Kwa hiyo saa haimo kwenye hodi?"

"Haimo," alisema Jicho. "Ilikuwa kwangu mimi."

"Sawa. Kisicho ndani ya mfuko hakipimwi na mfuko. Ficheni."

Siku ya mtihani alikaa kwenye kiti chake chenye gurudumu bovu, chati za Bosi zikafunguka mshumaa mmoja mmoja, upande wa kulia mweusi, chini hapana saa wala tarehe. Programu ilifanya kazi yake kwenye mashine nyingine, iliyogeuziwa mgongo. Jicho hakujua ni asubuhi gani na jioni gani. Aliona dari, akaona zikitobolewa, akasubiri. Nyingine zilirudi na kupitiliza chini, akaziacha. Nyingine ziligusa. Hodi, alisema kwa kidole. Hodi.

Bosi alizihesabu mwenyewe, mara mbili, kama mifuko inayoshushwa kwenye lori. Walivuka tisa katika kumi. Walivuka kidogo, lakini walivuka. Redio alitaka soda zinunuliwe na Bosi akamkata: "Kufanana si kulipa. Sasa hivi najua tu kwamba kilichomo kwenye mashine ndicho kilichomo kwa Jicho. Iende kwenye akaunti ya majaribio, tuone. Dawati linabaki." Kisha, akiwa mlangoni: "Na soda nunueni."

Jicho alishika chupa yake ya baridi mkononi. Alisikia baridi. Hakulifanyia sherehe jambo hilo, ila alilisikia.

Programu ikawekwa itazame soko la kweli kwa fedha za majaribio, na saa zikarudi chini ya chati, kwa sababu maisha hayana wa kuyafichia saa. Siku ya kwanza ilipofika saa kumi, Jicho alisimama akachukua koti. Shemeji alikuwa kwenye dawati la tatu, miwani kichwani. 

Kwenye skrini bei ilikuwa inashuka kutoka juu, taratibu, kuelekea dari iliyotobolewa mchana. Mkono mmoja wa Jicho ulikuwa tayari umeingia kwenye koti.

"Bado haijagusa," alisema, kwa mtu asiyejulikana.

"Bado," alisema Shemeji.

Alisimama hivyo, koti nusu, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Mshumaa wa saa ile ulichovya utambi wake chini, ukagusa, ukaanza kupanda. Kwa jicho lake lililotazama saa, ulikuwa mfu. Alijilazimisha kutazama mshumaa. Dari. Imetobolewa kwa nguvu ya mtu mwenye haraka. Imerudi. Utambi huu hapa.

"Unaiona?" aliuliza Shemeji.

"Naiona."

"Mashine haijasema."

"Haitasema mpaka ufunge. Tuliandika hivyo." Akautoa mkono kwenye koti, akalitundika nyuma ya kiti, akakaa. Gurudumu bovu lililia. "Wacha ufunge."

Kwenye geti la hospitali mlinzi labda alitazama benchi, labda hakutazama. Saa ilikuwa na dakika nyingi bado. Jicho aliweka mikono yote miwili juu ya meza na kungoja mshumaa ufunge, na vidoleni, kwa mbali sana, sindano zilikuwa zimeanza.